Pengo la kura milioni moja na zaidi, na bado uchaguzi ukafutwa

Ijumaa, tarehe 1 Septemba 2017, Jaji Mkuu wa Kenya David Maraga alisoma uamuzi mfupi uliowaacha wengi wakiulizana kama wamesikia vizuri. Uhuru Kenyatta, rais aliyekuwa madarakani, alikuwa ametangazwa mshindi kwa kura 8,203,290 dhidi ya 6,762,224 za Raila Odinga. Pengo lilikuwa kura 1,441,066. Majaji wanne wa Mahakama ya Upeo, dhidi ya wawili waliopinga, walisema uchaguzi ule ni batili na wakaamuru urudiwe katika muda wa siku 60. Haikuwahi kutokea barani Afrika mahakama ifute ushindi wa rais aliyeko madarakani.

Jambo ambalo halikusemwa sana katika shangwe na hasira za siku ile ni kwamba Raila hakuwa amethibitisha kuwa alipata kura nyingi kuliko Uhuru. Hakuna aliyezihesabu kura milioni moja na nusu zilizoibwa na kuziweka mezani. Kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye matatu, swali lilikuwa moja tu: kama hawakuonyesha kura ngapi zimeibwa, wamefutaje uchaguzi? Ni swali la haki, na kulijibu kunahitaji kutenganisha mambo mawili ambayo hata mawakili huyachanganya. Moja ni uzito wa ushahidi unaotakiwa. La pili ni kitu chenyewe kinachotakiwa kuthibitishwa.

Tuanze na uzito. Katika kesi ya kawaida ya madai, tuseme mgogoro wa shamba, anayeshinda ni yule ambaye maelezo yake yanaelekea zaidi kuwa kweli kuliko ya mwenzake. Katika kesi ya jinai, upande wa mashtaka lazima uthibitishe pasipo kuacha shaka yoyote ya maana. Kesi ya uchaguzi haikai vizuri katika kundi lolote kati ya hayo mawili. Haimfungi mtu jela, lakini inagusa uamuzi wa mamilioni ya watu waliopanga foleni tangu alfajiri.

Mahakama ya Upeo ililikabili swali hili mara ya kwanza mwaka 2013, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, Raila alipopinga ushindi wa kwanza wa Uhuru. Majaji walichagua kiwango cha kati: ushahidi uwe juu ya ule wa kesi ya madai, lakini usilazimike kufika ule wa jinai. Kisha wakaweka mambo mawili ya pekee. Mlalamikaji akidai kosa la jinai, kama vile kuhonga wapiga kura, kiwango kinapanda mpaka kile cha jinai. Na kama ubishi ni wa takwimu zinazotajwa na Katiba yenyewe, kwa mfano iwapo mshindi alivuka nusu ya kura zilizopigwa, hapo pia hakuna nafasi ya shaka.

Wanasheria wengi wamekilaumu kiwango hiki cha kati, kwamba ni mahali ambapo hakuna ajuaye panaanzia wapi wala panaishia wapi. Nakubaliana nao. Jaji anaweza kueleza maana ya "inaelekea zaidi kuwa kweli", na anaweza kueleza shaka ya maana ni ipi, lakini sehemu iliyo katikati haina alama ya kuisoma. Hata hivyo, jambo la kutazama ni hili: mwaka 2013 mahakama ilitumia kiwango hicho ikalitupa ombi kwa kauli moja, na mwaka 2017 ikatumia kiwango kile kile ikaufuta uchaguzi. Uzito uliotakiwa haukubadilika. Kilichobadilika ni kile kilichowekwa kwenye mizani.

Hapa ndipo kinapoingia kifungu cha 83 cha Sheria ya Uchaguzi ya Kenya. Kwa ufupi, kinasema uchaguzi hautabatilishwa kwa sababu tu sheria fulani haikufuatwa, ikiwa itaonekana kwamba uliendeshwa kwa kufuata misingi iliyowekwa na Katiba na sheria husika, au kwamba kasoro zilizotokea hazikuathiri matokeo. Ukikisoma haraka, kinaonekana kumpa mshindi ngao mbili, na ngao yoyote moja inamtosha. Majaji wanne wa mwaka 2017 walikisoma kama kinachompa mlalamikaji milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa misingi: ukithibitisha kuwa uchaguzi uliendeshwa kwa kuikiuka vibaya misingi ya Katiba, unafutwa, hata kama huwezi kusema nani angeshinda. Mlango wa pili ni wa hesabu: hata kama uchaguzi kwa jumla uliendeshwa sawa, ukithibitisha kuwa kasoro ziligeuza matokeo, unafutwa vilevile.

Usomaji huo haukuzuliwa Nairobi. Maneno ya kifungu hicho yana asili yake katika sheria za Uingereza za karne ya 19, na kesi inayotajwa kila mara ni ya uchaguzi wa Baraza la London Kuu uliofanyika mwaka 1973. Katika eneo moja la Croydon, karatasi 44 za kura zilikataliwa kwa sababu wasimamizi walisahau kuzigonga muhuri. Mshindi alikuwa ameongoza kwa kura 11. Kama karatasi zile zingehesabiwa, mpinzani wake angeshinda kwa kura 7. Mwaka 1974 Mahakama ya Rufani ya huko ikaufuta uchaguzi kwa mlango wa hesabu, kwa kuwa hesabu yenyewe ilikuwa wazi. Lakini katika hukumu ile ile Jaji Denning alieleza kwamba uchaguzi ulioendeshwa vibaya kiasi cha kutofuata sheria kwa sehemu kubwa ni batili bila kujali matokeo yameathirika au la.

Uganda nao walikuwa na sheria inayogusa mambo hayo hayo mawili, na tofauti ya maneno machache ikazaa tofauti kubwa. Sheria yao ya uchaguzi wa rais inamtaka mlalamikaji aithibitishie mahakama kwamba sheria na misingi haikufuatwa na, juu ya hilo, kwamba ukiukaji huo uliathiri matokeo kwa kiasi kikubwa. Mwaka 2006 Kizza Besigye alipinga ushindi wa Yoweri Museveni. Majaji wote saba wa Mahakama ya Juu ya Uganda, chini ya Jaji Mkuu Benjamin Odoki, walikubaliana kuwa sheria ilivunjwa: majina ya wapiga kura yalikuwa yamefutwa kwenye daftari, na kuhesabu na kujumlisha kulikuwa na dosari. Walipofika kwenye matokeo wakagawanyika. Wanne walisema athari kubwa haikuthibitishwa, watatu wakasema ilithibitishwa. Museveni akabaki. Miaka mitano kabla ya hapo mambo yalikwenda karibu vivyo hivyo, majaji watatu dhidi ya wawili.

Hebu fikiria ugumu wa anayesimama mbele ya mahakama ya namna hiyo. Mtu ambaye jina lake lilifutwa kwenye daftari hakupiga kura, kwa hiyo hakuna karatasi yake ya kuhesabu. Kura ni ya siri, kwa hiyo hata ukimleta shahidi aseme angemchagua nani, neno lake halina uzito mkubwa. Kadiri uchaguzi unavyoharibiwa ndivyo hesabu ya madhara yake inavyokuwa ngumu kupatikana. Mahakama inayodai hesabu peke yake inamdai mlalamikaji kitu ambacho mara nyingi aliyeharibu uchaguzi ndiye aliyekifuta.

Sasa turudi Kenya, tufuate karatasi moja. Inaitwa Fomu 34A. Kura zikishahesabiwa kituoni, msimamizi wa kituo huandika matokeo kwenye fomu hiyo, mawakala wa vyama hutia saini na kupewa nakala, na nakala nyingine hubandikwa mlangoni. Msimamizi huipiga picha kwa kifaa cha kielektroniki cha KIEMS na kuituma pamoja na tarakimu zake. Fomu halisi hupelekwa kwenye kituo cha kujumlishia matokeo cha eneo bunge, ambako zote hujumlishwa kwenye Fomu 34B. Mwisho, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi hujumlisha fomu za maeneo bunge yote 290 na ile ya Wakenya walio ng'ambo, kwenye Fomu 34C, ndipo amtangaze mshindi. Mwezi Juni 2017, wiki chache kabla ya uchaguzi, Mahakama ya Rufani ilikuwa imeamua katika kesi iliyoletwa na Maina Kiai na wenzake kwamba matokeo yaliyotangazwa ngazi ya chini ni ya mwisho, na kwamba tume huko Nairobi haina mamlaka ya kuyabadilisha. Kwa uamuzi huo karatasi ya kituoni ikawa shina la kila kitu.

Mwaka 2017 kulikuwa na vituo 40,883. Usiku wa tarehe 8 Agosti tarakimu zilianza kutiririka kwenye skrini kwa kasi, lakini picha za fomu hazikuandamana nazo kama sheria ilivyotaka. Tarehe 11 Agosti mshindi akatangazwa. Mahakama ilikuja kuthibitisha kwamba wakati wa tangazo hilo tume haikuwa na Fomu 34A zote mkononi, na siku kadhaa baadaye ilikuwa bado haiwezi kuwapatia walalamikaji fomu zote walipoziomba. Tume ilijitetea kuwa maelfu ya vituo havikuwa na mtandao wa simu wa kutosha. Majaji waliukataa utetezi huo: tume ilikuwa na muda wa kujiandaa, na msimamizi angeweza kusogea hadi mahali penye mtandao.

Kisha msajili wa mahakama akapewa kazi ya kuzikagua fomu zenyewe. Ripoti yake haikuwa na hadithi ya kusisimua, bali ilikuwa orodha ya mambo yanayoonekana kwa macho. Fomu 34C, ile iliyomfanya mtu kuwa rais mteule, ilionekana kama nakala iliyotolewa kwa mashine, bila alama ya maji wala namba ya mfululizo. Katika Fomu 34B 291, fomu 56 hazikuwa na alama ya maji, na 31 hazikuwa na namba ya mfululizo. Tume yenyewe ilikuwa imewaambia wananchi kwamba imelipia fomu zenye alama za usalama ili zisighushiwe.

Jambo lililoamua kesi, kwa maoni yangu, lilikuwa lingine. Mahakama iliamuru walalamikaji na wataalamu waruhusiwe kuzitazama seva za tume, kutazama tu bila kugusa chochote. Tume ikatoa kidogo na kukataa yaliyobaki, ikitaja usalama wa mfumo. Hapo ndipo sheria ya ushahidi inapokuwa na makali. Mzigo wa kuthibitisha humwangukia mlalamikaji kwanza, na hauondoki kwake kirahisi. Lakini akishaleta ushahidi wa kutosha kuibua swali zito, kazi ya kujibu humhamia aliyeshikilia majibu. Mtu mwenye nyaraka akiamriwa azionyeshe na asizionyeshe, mahakama ina haki ya kuamini kwamba zingemuumiza. Majaji wanne waliandika kwamba kwa ukaidi ule hawakuwa na njia ila kukubali madai kuwa mfumo uliingiliwa, ama na watu wa nje, ama na maofisa wa tume wenyewe, au kwamba tume ilivuruga kazi ya kutuma matokeo na haikutaka kukiri.

Kwa hiyo uchaguzi haukufutwa kwa sababu mahakama ilijua nani aliibiwa. Ulifutwa kwa sababu matokeo hayakuweza kuhakikiwa, na ibara ya 86 ya Katiba ya Kenya inadai mfumo wa kura ulio rahisi, sahihi, unaoweza kuhakikiwa, salama, wenye uwajibikaji na uwazi. Majaji walikumbusha jambo la darasani: katika hesabu haitoshi kuandika jibu, sharti uonyeshe njia iliyokufikisha hapo. Na hata pengo la kura milioni moja na zaidi halikuweza kuwa hoja, kwa sababu pengo lenyewe ni zao la ujumlishaji unaotiliwa shaka. Huwezi kuitetea hesabu kwa jibu lake.

Haki inataka tuwasikilize pia waliopinga. Majaji Jackton Ojwang na Njoki Ndung'u walisema watu walipiga kura, kura zikahesabiwa mbele ya mawakala, na fomu za karatasi zipo. Dosari za kutuma kwa mtandao, kwa maoni yao, hazikugusa kura iliyomo sandukuni. Jaji Ndung'u alizipitia fomu zilizolalamikiwa na kuona nyingi zikiwa na makosa ya kawaida ya binadamu. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba mpiga kura ambaye hakukosea asinyang'anywe chaguo lake kwa kosa la karani. Nimeisoma hoja hiyo nikitaka kuipa kila nafasi, lakini inakwama mahali pamoja. Inategemea fomu za karatasi ziaminike, na fomu za juu zaidi katika mnyororo ndizo zilizokosa alama za kuaminiwa.

Mahakama haikukubali kila kitu cha walalamikaji. Madai kwamba Uhuru mwenyewe alitumia vibaya cheo chake kujipatia ushindi yaliangushwa kwa kukosa ushahidi. Ni kesi ile ile na majaji wale wale, lakini madai mazito ya kumgusa mtu yalidai ushahidi mzito, na haukuwepo.

Bunge, likiwa mikononi mwa chama tawala, halikukaa kimya. Kabla mwaka haujaisha lilikibadilisha kifungu cha 83 ili mlalamikaji alazimike kupita milango yote miwili. Mwezi Aprili 2018 Jaji Chacha Mwita wa Mahakama Kuu aliyafuta mabadiliko hayo kwa kuwa yanakwenda kinyume cha Katiba, na milango ikabaki miwili.

Mwaka 2022 ukaonyesha upande wa pili. Safari hii William Ruto alitangazwa mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila. Pengo lilikuwa 233,211 tu, chini ya moja ya sita ya lile la 2017. Makamishna wanne kati ya saba wa tume waliyakana matokeo hadharani. Kwa anayetazama kwa mbali, kesi hii ilikuwa na nguvu kuliko ile iliyoshinda. Lakini tarehe 5 Septemba majaji wote saba, chini ya Jaji Mkuu Martha Koome, waliitupa.

Sababu ni ile ile Fomu 34A. Safari hii tume ilizibandika picha za fomu kwenye tovuti ya umma, na yeyote mwenye simu na subira aliweza kujumlisha mwenyewe. Walalamikaji walidai kwamba fomu zilinaswa njiani, zikabadilishwa, kisha zikapandishwa. Dai kama hilo linapimika. Chukua fomu halisi iliyoletwa kwenye ukumbi wa taifa wa kujumlishia matokeo, Bomas, ilinganishe na picha ya tovuti, kisha na nakala aliyopewa wakala. Ikiwa mtu alibadilisha tarakimu njiani, nakala ya wakala itamuumbua. Ukaguzi chini ya msajili haukuona tofauti ya maana kati ya nakala hizo. Baadhi ya kumbukumbu za kompyuta zilizoletwa kama ushahidi ziligundulika kuwa si za kweli, na majaji wakawakaripia vikali walioapa juu yake. Ugomvi wa makamishna nao haukusaidia: walisema hesabu ilikuwa ya giza, lakini hawakuonyesha kituo hata kimoja ambapo tarakimu zilibadilika.

Weka kesi hizi mbili sambamba, utaona kiwango cha kati kikifanya kazi bila kuhitaji kuelezwa kwa maneno. Mwaka 2017 mlalamikaji alionyesha kuwa nyaraka hazipo au hazina alama, na tume ikashindwa kujibu. Mwaka 2022 nyaraka zilikuwepo, za pande tatu, zikikubaliana, na mzigo ukabaki ulipoanzia.

Kwa msomaji wa Tanzania, mjadala huu una mpaka. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya Muungano inazuia mahakama yoyote kuchunguza uchaguzi wa mgombea aliyetangazwa na tume kuwa rais. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao Arusha, iliamua katika kesi ya Jebra Kambole kwamba katazo hilo linakiuka Mkataba wa Afrika. Kesi za ubunge zinaruhusiwa, na huko kiwango kimekuwa cha juu tangu zamani. Katika kesi ya Mbowe dhidi ya Eliufoo ya mwaka 1967, Jaji Mkuu Georges alisema mahakama haiwezi kuridhika ikiwa bado ina shaka ya maana. Hicho ni kiwango kinacholingana na cha jinai, nacho kimefuatwa katika kesi nyingi zilizokuja baadaye.

Malawi walikwenda upande mwingine kabisa. Katika uchaguzi wa Mei 2019, ambapo fomu nyingi zilionekana zimepakwa wino mweupe wa kufutia, majaji watano walitumia kiwango cha kawaida cha kesi za madai, wakakataa kupanda hata hatua moja. Tarehe 3 Februari 2020 waliufuta ushindi wa Peter Mutharika, na katika marudio ya Juni Lazarus Chakwera akashinda.

Lakini walikuwa na kitu ambacho Kenya haina, yaani muda. Kesi ya Malawi ilisikilizwa kwa miezi, mashahidi wakahojiwa ana kwa ana. Katiba ya Kenya inampa mlalamikaji siku 7 za kuleta ombi na mahakama siku 14 za kuliamua. Mwaka 2013 hati ya kiapo ya ziada yenye kurasa 900 hivi ilikataliwa kwa kuchelewa, na hakuna aliyejua ingeonyesha nini. Mwaka 2022 vituo vilikuwa zaidi ya elfu 46, na haiwezekani kufungua zaidi ya sehemu ndogo ya masanduku yake ya kura katika wiki mbili. Wanaotaka kurekebisha sheria hii huzungumzia kukishusha kiwango cha ushahidi. Mimi ningeanza na kalenda: siku 30 za kusikiliza, na amri ya kukabidhi fomu zote halisi kwa msajili siku ombi linapowasilishwa, kabla wakili yeyote hajasimama kuziomba.